Kuirudisha foleni iliyotawanyika: panga kwa kimo kwanza, ndipo umwingize kila mtu mahali pake

Jumamosi huwa tunafundisha programu katika ukumbi mdogo hapa Kondele, Kisumu. Siku ya somo hili kompyuta zilibaki zimezimwa kwa saa nzima ya kwanza. Niliwapanga wanafunzi saba kwa mstari kwenye veranda, mmoja nyuma ya mwingine, nikampa kila mmoja kipande cha karatasi ya daftari. Aandike vitu viwili: kimo chake kwa sentimita, na idadi ya watu walio mbele yake ambao ni warefu kama yeye au kumzidi. Walipomaliza nilikusanya karatasi, nikazichanganya kama karata, nikawaambia wakakae popote wanapopenda ndani. Kazi ikabaki moja: kwa kutumia karatasi hizo saba peke yake, bila kumuuliza mtu alisimama wapi, tuirudishe foleni kama ilivyokuwa.

Hizi ndizo karatasi, kwa mpangilio niliozifunua mezani:

```
Barasa    148  4
Kiprono   162  0
Otieno    140  2
Adhiambo  151  3
Akinyi    148  0
Nekesa    155  2
Wafula    155  0
```

Wengi hukutana na swali hili kwenye LeetCode, tovuti ya mazoezi ya programu, ambako ni namba 406, au kwenye usaili wa kazi. Programu yenyewe haizidi mistari sita. Ila nimeona watu wengi wakiikariri mistari hiyo sita bila kujua kwa nini inafanya kazi, na swali likibadilishwa neno moja tu jibu lao linaharibika wala hawatambui. Kwa hiyo nitakaa zaidi pale panapoharibika.

Kabla ya chochote, uliza hesabu inamhesabu nani

Rudia kusoma nilichowaambia wanafunzi: warefu kama yeye au kumzidi. Yaani wenye kimo sawa naye nao wanahesabiwa. Nekesa ana sentimita 155 na Wafula ana 155. Kama Wafula yuko mbele ya Nekesa, basi yumo katika hesabu ya Nekesa. Ningekuwa nimesema "wanaokuzidi kimo" tu, Wafula asingehesabiwa na karatasi ya Nekesa ingekuwa na namba nyingine.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua jinsi utakavyowapanga wenye kimo sawa. Tutaifikia. Kwa sasa shika kwamba tunatumia maana ya kwanza, ile inayowahesabu na wanaolingana, kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye swali la LeetCode.

Karatasi moja nitaiita jozi: namba ya kwanza ni kimo, nitakiita h, na ya pili ni hesabu, nitaiita k.

Kwa nini tunaanza na mrefu

Tazama karatasi ya Otieno. Ni mfupi kuliko wote, sentimita 140, na mbele yake wako wawili. Watu wote sita wengine wanamzidi, kwa hiyo hao wawili ni watu wawili wowote. Hesabu yake haiangalii ni nani, inataka wawe wawili tu.

Sasa tazama Kiprono, mwenye 162 na hesabu ya 0. Hakuna anayemfikia kimo. Ukiweka Otieno mbele ya Kiprono, hesabu ya Kiprono inabaki 0. Ukiweka watu wote sita mbele yake, bado inabaki 0. Kwa macho ya Kiprono, hao wengine wote hawapo.

Humo ndimo njia nzima ilimo: mfupi haonekani na mrefu. Ukishampanga mrefu vizuri kati ya warefu wenzake, unaweza kuchomeka wafupi mbele yake au nyuma yake utakavyo na hesabu yake haitatikisika. Mfupi naye, wakati anapoingia, anawakuta mstarini watu ambao wote ni warefu kama yeye au zaidi. Kwa hiyo kila mtu anayemkuta ni mtu wa kuhesabiwa. Hakuna wa kurukwa. Akihitaji wawili mbele yake, anaacha wawili wa kwanza na kusimama wa tatu.

Na hapa kuna jambo jema kwa sisi tunaoandika programu. Katika Python, Java, C++ na JavaScript, nafasi za orodha huhesabiwa kuanzia 0. Nafasi namba 2 ni ile yenye watu wawili mbele yake. Basi k yenyewe ndiyo namba ya nafasi, huongezi wala hupunguzi kitu. Ukiandika kwa Lua au R, ambako hesabu huanza na 1, ndipo utahitaji k + 1.

Kupanga karatasi

Panga kwa kimo, kuanzia mrefu kushuka hadi mfupi. Wenye kimo sawa, tanguliza mwenye k ndogo. Meza yetu ikawa hivi:

```
Kiprono   162  0
Wafula    155  0
Nekesa    155  2
Adhiambo  151  3
Akinyi    148  0
Barasa    148  4
Otieno    140  2
```

Huu si mpangilio wa foleni, ni mpangilio wa kuitwa. Nalisema kwa sababu kila darasa huwa na mtu anayeitazama orodha hii na kuuliza mbona foleni imekaa vibaya. Bado hatujaijenga foleni, tumepata tu nani aingie kabla ya nani.

Kuingiza, mtu mmoja mmoja

Tukatoka tena verandani na nikawaita kwa majina.

Kiprono, hesabu 0. Mstari ni mtupu, anasimama peke yake.

Wafula, hesabu 0. Hataki mtu wa kimo chake au zaidi mbele yake, na Kiprono anamzidi. Anasimama mbele ya Kiprono. Mstari sasa ni Wafula, Kiprono.

Nekesa, hesabu 2. Anawaacha wawili waliopo na kusimama nyuma yao. Wafula, Kiprono, Nekesa.

Adhiambo, hesabu 3. Wapo watatu, anawaacha wote, anakaa mwisho. Wafula, Kiprono, Nekesa, Adhiambo.

Akinyi, hesabu 0. Anakwenda mbele kabisa, na wote wanne wanarudi hatua moja nyuma. Hapa nilisimamisha zoezi na kumuuliza Adhiambo: hesabu yako imebadilika? Aliangalia mbele, akahesabu kwa kidole. Sasa ana watu wanne mbele badala ya watatu, lakini Akinyi ana 148 naye ana 151, kwa hiyo Akinyi hamhusu. Hesabu yake bado ni 3. Nafasi yake imesogea na hesabu yake imebaki. Ukilielewa tukio hilo moja, umeielewa njia yote.

Barasa, hesabu 4. Anawaacha wanne wa mbele, ambao ni Akinyi, Wafula, Kiprono na Nekesa, kisha anajipenyeza kati ya Nekesa na Adhiambo.

Otieno, hesabu 2. Anawaacha Akinyi na Wafula, anasimama wa tatu.

Foleni iliyotoka, kuanzia mbele:

```
Akinyi 148, Wafula 155, Otieno 140, Kiprono 162,
Nekesa 155, Barasa 148, Adhiambo 151
```

Ndivyo walivyokuwa wamesimama mwanzoni, kila mmoja na jirani yake yuleyule.

Kwa Python, kazi yote ni hii:

```python
def jenga_foleni(watu):
    zamu = sorted(watu, key=lambda m: (-m[0], m[1]))
    foleni = []
    for m in zamu:
        foleni.insert(m[1], m)
    return foleni
```

Alama ya kutoa kwenye `-m[0]` ndiyo inayoleta warefu kwanza, kwa kuwa `sorted` hupanga kutoka ndogo kwenda kubwa. `m[1]` haina alama hiyo, kwa hiyo k ndogo hutangulia. Mambo mawili yanayokwenda pande mbili tofauti yamekaa katika mabano mamoja, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Wenye kimo sawa, mahali panapoharibika

Nilipoliandika tatizo hili mara ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita, sikuandika `key` yoyote. Niliandika `sorted(watu, reverse=True)`, nikaona warefu wamekuja mbele, nikaridhika. Nilijaribu mifano mitatu minne niliyotunga mwenyewe na yote ikatoka sawa. Kumbe katika mifano yangu yote hakuna watu wawili waliolingana kimo. Kosa lilikaa humo siku mbili kabla sijaliona.

`reverse=True` hugeuza kila kitu, kimo pamoja na k. Wenye kimo sawa wanaingia kwa kuanza na mwenye k kubwa. Tuone linavyoharibu kwa karatasi zetu zilezile.

Kiprono anaingia. Sasa zamu ni ya Nekesa, mwenye k 2, kabla ya Wafula. Mstari una mtu mmoja tu. Nekesa anataka nafasi namba 2 na nafasi hiyo haipo. Python haipigi kelele: `insert` ikipewa nafasi inayozidi urefu wa orodha, humweka mtu mwishoni kimyakimya. Nekesa anakaa nyuma ya Kiprono. Wafula anakuja na 0, anakwenda mbele. Mstari ni Wafula, Kiprono, Nekesa. Umetoka sawasawa! Bahati imelificha kosa.

Adhiambo anaingia nafasi namba 3, mwisho. Kisha Barasa mwenye 4 anaingia kabla ya Akinyi. Wako wanne, anawaacha wote, anakaa nyuma ya Adhiambo. Hesabu yake kwa sasa ni 4 kweli: Wafula, Kiprono, Nekesa, Adhiambo. Kisha anakuja Akinyi na 0, anakwenda mbele kabisa. Akinyi ana 148, sawa na Barasa, kwa hiyo Barasa anamhesabu. Hesabu ya Barasa imekuwa 5 na karatasi yake inasema 4.

Umeona kilichotokea. Kanuni yetu ilikuwa kwamba anayeingia baadaye haonekani na waliokwisha kuingia. Kwa wafupi ni kweli. Kwa anayelingana nawe si kweli, anaonekana. Kwa hiyo anayelingana nawe akiingia baada yako, lazima akae nyuma yako ili asiivuruge hesabu yako. Ukiwaita kwa k inayopanda, wa pili ana k kubwa, anaingia mbali zaidi, na wa kwanza hasogezwi. Ukiwaita kwa k inayoshuka, wa pili anaingia mbele ya wa kwanza na kuiharibu hesabu yake.

Java ingekuambia mapema. `ArrayList` ikipewa nafasi inayozidi urefu wake hutupa `IndexOutOfBoundsException`, na kosa lingejitokeza kwa Nekesa, si kwa Barasa. `splice` ya JavaScript ni kimya kama Python. Katika C++, kuipa `vector` nafasi iliyo nje ya mwisho ni jambo lisilo na uhakika kabisa: programu inaweza kuanguka, inaweza kuendelea na takataka kwenye kumbukumbu.

Kuna na sura ya pili ya kosa hili, na ninaiona mbaya zaidi. Mtu anapanga kwa kimo tu, `key=lambda m: -m[0]`, akasahau k. Upangaji wa Python huwaacha wanaolingana katika mpangilio waliokuja nao. Kwa hiyo jibu linategemea data ilivyoingia: asubuhi linatoka sahihi, mchana mtu akizichanganya karatasi linatoka baya. Ukiona programu yako ya foleni inatoa majibu mawili tofauti kwa watu walewale waliochanganywa tu, usitafute mbali. Angalia wenye kimo sawa.

Maana ikibadilika, zamu inageuka

Nilisema tutaifikia. Chukua wale wale saba, foleni ileile, lakini sasa kila mmoja ahesabu wanaomzidi kimo tu, wanaolingana naye wasihesabiwe. Karatasi zinabadilika mahali pawili. Nekesa hamhesabu tena Wafula, anabaki na Kiprono peke yake, k yake ni 1. Barasa hamhesabu Akinyi, anabaki na Wafula, Kiprono na Nekesa, k yake ni 3. Wengine hawabadiliki.

Sasa jaribu kanuni yetu ya zamani, k ndogo kwanza. Kiprono, kisha Wafula mbele yake, kisha Nekesa mwenye 1. Anamwacha mtu mmoja na kusimama nafasi namba 1: Wafula, Nekesa, Kiprono. Lakini huyo aliyemwacha ni Wafula, ambaye hahesabiwi. Anayemzidi mbele yake hakuna hata mmoja. Jibu limeharibika.

Igeuze: k kubwa kwanza. Kiprono yupo. Nekesa anaingia na 1, anakaa nyuma ya Kiprono. Wafula anaingia na 0, anakwenda mbele. Wafula, Kiprono, Nekesa. Nekesa sasa ana watu wawili mbele, lakini anayemzidi ni mmoja, kama karatasi inavyosema. Adhiambo mwisho na 3. Barasa na 3, kati ya Nekesa na Adhiambo. Akinyi mbele na 0. Otieno na 2. Foleni imerudi vilevile.

Sababu ni ileile ya mwanzo, ila imegeuka. Katika maana hii mwenye kimo sawa haonekani, kama mfupi. Basi akiingia baadaye mbele yako hakudhuru. Kinachokudhuru ni kumkuta ameshaingia, kwa sababu utamhesabu kama nafasi ilhali hahesabiwi. Kwa hiyo mwenye k kubwa lazima aingie kabla mwenzake hajaingia. Ndiyo kusema `sorted(watu, reverse=True)`, iliyonipoteza mimi, ni jibu sahihi kabisa la swali hili la pili.

Ukipewa data na maelezo hayajasema wazi, kuna dalili moja ya uhakika. Katika maana ya kwanza hakuna watu wawili wanaoweza kuwa na h ileile na k ileile, kwa kuwa wa nyuma lazima amhesabu wa mbele, na k yake itazidi walau kwa 1. Ukikuta jozi mbili zinazofanana kila kitu, basi ama maana ni ya pili, ama karatasi moja ina kosa. Na katika maana ya pili, hao wawili wenye jozi moja huwezi kujua yupi alikuwa mbele. Mstari wa namba utarudi, lakini majina ya hao wawili yanaweza kubadilishana na karatasi zisilalamike.

Kuhakiki, na karatasi zenye uongo

Usiiamini programu kwa mifano ya kutunga mkononi. Ifanye itunge foleni yenyewe, ihesabu k, ivuruge, ijenge upya, ilinganishe na ya asili:

```python
import random

for _ in range(1000):
    vimo = [random.randint(1, 5) for _ in range(8)]
    asili = []
    for i, h in enumerate(vimo):
        k = sum(1 for x in vimo[:i] if x >= h)
        asili.append((h, k))
    mchanganyiko = asili[:]
    random.shuffle(mchanganyiko)
    assert jenga_foleni(mchanganyiko) == asili
```

Vimo ni kuanzia 1 hadi 5 kwa makusudi. Watu 8 wakigawana vimo 5, lazima wawepo wanaolingana, na hao ndio tunaowataka. Ukitumia vimo halisi kati ya 100 na 200 kwa watu wanane, mara nyingi hawatalingana, na mizunguko mingi ya jaribio lako itapita bila kuligusa kosa. Kulinganisha na foleni ya asili moja kwa moja kunaruhusiwa kwa sababu katika maana ya kwanza jibu ni moja tu: kila anayeingia ana nafasi moja inayokubali k yake, hana ya kuchagua.

Kwa maana ya pili badilisha `>=` iwe `>`, na `m[1]` ya kwenye `key` iwe `-m[1]`, ile ya kwenye `insert` iache ilivyo. Yote mawili kwa pamoja. Ukibadilisha moja ukasahau jingine, jaribio litakuumbua papo hapo.

Data inayotoka kwa watu huja na makosa. Mtu ameandika 9 na foleni nzima ina watu saba. Kwa kuwa Python itanyamaza, linda mlango mwenyewe, kabla ya `insert`:

```python
        if m[1] < 0 or m[1] > len(foleni):
            raise ValueError("k haiwezekani: " + str(m))
```

Kwa maana ya kwanza, ukiongeza na ukaguzi wa jozi zinazojirudia, umemaliza: data yoyote inayopita vizuizi hivyo viwili ina foleni yake halali. Lakini halali haina maana ya kweli. Tuseme Barasa amehesabu vibaya akaandika 3 badala ya 4. Programu itamweka kati ya Kiprono na Nekesa, hesabu za wote zitakubaliana na karatasi zao, na hakuna hesabu itakayokuonyesha kosa. Nekesa hamwoni Barasa, kwa hiyo hata yeye hawezi kuwa shahidi. Makosa ya namna hiyo hukamatwa verandani, kwa kumuuliza mtu.

Mwanafunzi aliyeuliza kuhusu viti

Tulipokuwa tunarudisha meza, msichana mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, "Mwalimu, na tukianza na mfupi?" Nikamwambia alete viti saba vya plastiki avipange mstari, vitupu.

Ukianza na mfupi huwezi kuingiza kwa nafasi, kwa sababu walioko si wa kuhesabiwa na wa kuhesabiwa hawajaja. Lakini unaweza kuwaachia viti. Otieno ana 2: wote watakaokuja wanamzidi, basi anaacha viti viwili vitupu na kukaa cha tatu. Kisha wenye 148, na hapa, katika maana ya kwanza, mwenye k kubwa hutangulia. Barasa anaacha viti vitupu vinne, cha 1, 2, 4 na 5, anakaa cha 6. Akinyi haachi kitu, anakaa cha 1. Adhiambo: vitupu ni 2, 4, 5 na 7, anaacha vitatu, anakaa cha 7. Nekesa cha 5, Wafula cha 2, Kiprono kinachobaki, cha 4. Foleni ileile, na hakuna aliyeombwa kusogea.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Katika njia ya kwanza, kila anayeingia mbele huwasogeza wote walio nyuma yake. Watu 2,000, ambao ndio ukomo wa swali la LeetCode, wote wakiingia mbele kabisa, misogeo ni karibu milioni 2, na kompyuta haiihisi. Watu 100,000 katika hali hiyohiyo mbaya huleta misogeo karibu bilioni 5, na hapo utasubiri. Njia ya viti haisogezi mtu. Kazi yake ngumu ni kukipata kiti kitupu chenye vitupu k mbele yake bila kuvihesabu kimoja kimoja, na kwa hilo upo mti wa Fenwick, ulioelezwa na Peter Fenwick mwaka 1994, ambao hutunza idadi ya viti vitupu kwa mafungu. Kwa viti 100,000 unafika kwenye kiti unachokitaka kwa hatua zipatazo 17.

Kwa foleni ya darasa, ya kituo cha matatu, hata ya shule nzima, baki na njia ya kwanza. Ni fupi, inasomeka, na ukitaka kumweleza mtu unahitaji karatasi na veranda tu. Msichana yule alibaki nyuma wenzake wakiondoka, akavirudisha viti, akaanza tena na Otieno, safari hii kwa maana ya pili. Nikamwacha aone mwenyewe ni nani kati ya Barasa na Akinyi anayepaswa kukaa kwanza.